Nikipanda ngazi moyo unanidunda: ninunue vidonge vya damu au nipimwe kwanza?

Habari zenu. Nina miaka 34, naishi Umoja na nauza mitumba Gikomba. Tangu Januari nina uchovu ambao hauishi hata nikilala mapema. Nyumba yetu iko ghorofa ya nne. Siku hizi nikifika ya pili lazima nisimame nivute pumzi, na moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Shemeji yangu alinitazama juzi akasema nimepauka. Hedhi yangu ni nzito, siku nane, lakini imekuwa hivyo tangu nijifungue mtoto wa pili kwa hiyo mimi naiona ya kawaida. Na kuna jambo ninaloona haya kulisema: natafuna odowa kila siku. Mama mkwe alinishauri juisi ya bitiruti, nimeinywa mwezi mzima na sioni tofauti. Jirani naye anasema ninunue tu vidonge vya damu kwa duka la dawa, sina haja ya kupiga foleni kutobolewa mkono. Nikimsikiliza jirani kuna ubaya gani? Na ni chakula gani kinaongeza damu haraka?

Mama Wawili, Umoja

Jibu

Pole, dada. Usinunue vidonge bado. Nenda upimwe damu wiki hii, halafu vidonge, ikiwa utavihitaji, vitafuata siku hiyo hiyo au baada ya siku chache. Kuchelewa kwa siku tatu hakutakudhuru, ila kuanza dawa bila kipimo kunaweza kukupotezea mwaka mzima, na tutaeleza kwa nini.

Lakini zipo hali ambazo hazingojei wiki. Ukianza kuhema ukiwa umeketi tu, kifua kikibana au kuuma, ukizimia, ukitapika damu, au ukipata choo cheusi kinachonata kama lami, nenda hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kwa upande wenu wa Eastlands, Mama Lucy Kibaki ina kitengo cha dharura. Hedhi ikikulowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, hiyo nayo ni dharura. Na kama kuna uwezekano wowote wa mimba, sema mapema mlangoni, kwa sababu mimba hubadilisha kipimo, dawa na haraka inayohitajika.

Sasa tuje kwa swali la jirani. Uchovu, kupauka na kuishiwa pumzi ukipanda ngazi ni dalili za upungufu wa damu, kweli. Hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, ikipungua, moyo hulazimika kusukuma damu haraka zaidi ili misuli ipate oksijeni ile ile. Ukiwa umeketi huenda usijue. Ukipanda ngazi na mzigo, hesabu inakataa, ndiyo maana moyo unausikia masikioni. Shida ni kwamba dalili hizo hizo huletwa na tezi ya thairoidi iliyozembea, moyo wenye hitilafu, pumu, kifua kikuu, kisukari, mimba changa, hata sonona. Mtu anaweza kumeza chuma miezi minne huku ugonjwa wenyewe ni wa moyo.

Kupauka nako hakuaminiki sana kwa macho ya shemeji. Katika ngozi yetu nyeusi, uso hudanganya: jua, baridi ya Julai, mafuta ya kung'arisha, vyote hubadilisha rangi. Mahali pa kuangalia ni ndani ya kope la chini, ulimi, na mistari ya kiganja ukikikunjua. Vuta kope chini mbele ya dirisha, mchana. Utando wa ndani unapaswa kuwa mwekundu kabisa, hasa ukingoni. Ukiwa wa waridi hafifu au karibu mweupe, upungufu upo, na pengine si mdogo. Ukiwa mwekundu, shaka haijaisha, kwa kuwa upungufu wa kadiri hauonekani kwa jicho, hata la daktari mzoefu. Kope humtuma mtu maabara, haliwezi kuchukua nafasi yake.

Odowa, dada, ndiyo habari ya maana kuliko zote ulizotuandikia, na hupaswi kuionea haya. Hamu ya kutafuna udongo, mchele mbichi au barafu ni dalili inayojulikana sana ya ukosefu wa madini ya chuma, hasa kwa wanawake wa umri wako. Mwambie daktari waziwazi, hata asipouliza. Udongo wenyewe unazidisha tatizo, kwa sababu hunasa chuma tumboni kabla hakijaingia mwilini, na unaweza kubeba mayai ya minyoo na hata madini ya risasi. Wengi huona hamu hiyo ikiisha yenyewe ndani ya wiki chache baada ya kuanza dawa ya chuma, hata kabla damu haijajaa.

Basi kama dalili zote zinaelekea kwenye chuma, mbona tusiruke kipimo? Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba si kila upungufu wa damu unatokana na ukosefu wa chuma. Kuna unaotokana na ukosefu wa vitamini B12 au foliki, unaotokana na figo, na malaria kwa mtu aliyerudi juzi kutoka upande wa ziwa. Kuna pia hali za kurithi kama selimundu na thalasemia. Mwenye chembe ndogo za damu kwa sababu ya thalasemia anaweza kumezeshwa chuma miaka na miaka bila faida, kwa vile chuma anacho tayari. Na vile vidonge vya mchanganyiko vyenye foliki nyingi vinaweza kurekebisha damu ya mtu aliyekosa B12 huku mishipa yake ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya, mpaka miguu inakufa ganzi.

Sababu ya pili ndiyo iliyo karibu nawe zaidi. Chuma hakipotei chenyewe. Kikiisha, kuna mahali kinavuja. Ukimeza vidonge mwezi mmoja, hemoglobini hupanda, uchovu hupungua, unaacha dawa kwa furaha. Uvujaji uko pale pale. Ukienda kupimwa wakati huo, karatasi inaonyesha damu nusu nzuri, chembe mpya kubwa zimechanganyika na za zamani ndogo, akiba imepandishwa na dawa, na daktari hawezi tena kusoma kilichotokea. Kwa mwanamke mwenye hedhi nzito uvujaji mara nyingi uko kwenye mfuko wa uzazi. Kwa mwanamume, au mama aliyekwisha kukoma hedhi, ukosefu wa chuma usioelezeka humaanisha tumbo na utumbo vichunguzwe, maana kidonda au saratani inaweza kuwa inatoa damu kidogo kidogo bila maumivu.

Maabara, omba vitu viwili: hemogramu kamili, na feritini. Hemogramu inapatikana karibu kila kituo cha afya na ni ya bei nafuu. Feritini hugharimu zaidi na vituo vidogo huipeleka damu kwingine, kwa hiyo uliza bei kabla ya kukunja mkono wa nguo. Pesa zikibana, anza na hemogramu siku hiyo na umwombe daktari akuambie kama feritini inaweza kungoja. Huhitaji kufunga kula kwa kipimo chochote kati ya hivi viwili. Damu ya hemogramu huwekwa kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ina dawa ya kuzuia kuganda, na mhudumu anapaswa kuigeuzageuza taratibu mara kadhaa. Damu ikiganda ndani yake, mashine itatoa namba za ajabu na itabidi utolewe tena.

Kuna pia kile kipimo cha kidole, tone moja kwenye kijimashine. Ni kizuri kwa kuchuja watu wengi, lakini kina kasoro. Kidole kikikamuliwa kwa nguvu, maji ya nyama huchanganyika na damu na namba inashuka kwa uongo. Kidole baridi kisichotoa damu vizuri nacho huleta makosa. Na hata kikitoa namba sahihi, kinakupa hemoglobini peke yake. Hakisemi chochote kuhusu ukubwa wa chembe, na ukubwa huo ndio unaoonyesha njia.

Tuchukue mfano wa karatasi ili ujue utakachokuwa unatazama. Tuseme ni ya mwanamke wa kilo 65, si mjamzito, anayeishi hapa Nairobi. HGB 8.9, MCV 68, MCH 21, RDW 18.5, PLT 470, chembe nyeupe za kawaida. Feritini 6.

HGB ni hemoglobini, gramu kwa kila desilita ya damu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mwanamke asiye mjamzito ana upungufu akiwa chini ya 12, na upungufu mkali akiwa chini ya 8. Huyu wa 8.9 yuko katikati, lakini kwa chini. Halafu kuna jambo ambalo karatasi za maabara mara nyingi haziandiki. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mwili wa mkaaji wa hapa hutengeneza hemoglobini zaidi kidogo kuliko wa Mombasa. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2024 unataka kupunguza karibu gramu 1 kwenye namba ya mtu wa mwinuko huu kabla ya kuilinganisha na ile 12. Kwa hiyo mtu wa Nairobi mwenye 12.3 anayeambiwa yuko sawa huenda hayuko sawa, na akiwa na dalili kama zako ana haki ya kuuliza feritini.

MCV ni ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu. Kawaida ni kati ya 80 na 100. Ukiwa 68, chembe ni ndogo, na MCH ya 21 inasema zimebeba rangi kidogo. Kiwanda kinakosa malighafi. RDW ikipanda juu ya 15 hivi, ina maana chembe hazilingani, nyingine ndogo sana, nyingine za kadiri, jambo la kawaida chuma kinapoishia njiani. PLT, chembe za kugandisha damu, mara nyingi hupanda kidogo mtu akikosa chuma au akivuja damu, kwa hiyo 470 haitishi hapa. Thalasemia ya kurithi ingeonekana tofauti: MCV ndogo vilevile, lakini hemoglobini haijashuka sana, RDW iko karibu na kawaida, na idadi ya chembe nyekundu iko juu badala ya chini. Na kama MCV ingekuwa 110, tusingezungumzia chuma kabisa, tungeulizia B12, foliki, pombe, ini, thairoidi na dawa unazotumia.

Feritini ni akiba ya chuma. Chini ya 15 kwa mtu mzima, akiba imekwisha, hakuna ubishi. Madaktari wengi hutilia shaka hata chini ya 30. Kuna mtego mmoja: feritini hupanda mwili ukiwa na homa, maambukizi au uvimbe wowote. Mtu aliyetoka kwenye mafua makali jana anaweza kuonyesha 45 na akatumwa nyumbani, ilhali chuma hana. Ndiyo maana ikiwa una homa au jipu siku hiyo, sema, ili daktari asome namba kwa jicho tofauti au akurudishe baada ya wiki mbili tatu.

Sasa tutafute chuma kilipokwenda, na hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Mililita 100 za damu yenye hemoglobini ya 12 hubeba takriban miligramu 40 za chuma. Hedhi ya kawaida ni mililita 30 hadi 40 kwa mwezi, na zaidi ya 80 huitwa nzito. Tuseme huyu wa mfano wetu anapoteza 100. Kila mwezi anatoa miligramu 40 kwa hedhi, na nyingine 30 kwa njia za kawaida, ngozi na utumbo, miligramu 1 kwa siku. Jumla 70. Chakula kizuri cha kawaida humpa miligramu 1.5 kwa siku zinazoingia mwilini kweli, yaani 45 kwa mwezi. Anapungukiwa na 25 kila mwezi. Mwezi mmoja hauonekani. Miaka miwili ni miligramu 600. Akiba inaisha kwanza bila dalili yoyote, kisha hemoglobini inaanza kushuka polepole hivi kwamba mwili unazoea, na mtu anadhani ni kazi nyingi au umri.

Hapa ndipo hedhi yako ya siku nane inapoacha kuwa kawaida. Hedhi inayozidi siku 7, inayokulazimu kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, kuvaa mbili kwa pamoja, kuamka usiku kubadilisha, au inayotoa mabonge makubwa kama sarafu ya shilingi 20, inahitaji kuchunguzwa hata kama umeishi nayo miaka. Mwezi huu andika pedi ngapi kwa siku na zilijaa kiasi gani, uende na karatasi hiyo. Daktari atakuuliza kama una koili ya shaba, ambayo huongeza damu ya hedhi kwa wanawake wengi. Atataka pia kujua kama unameza dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni au aspirini mara kwa mara, kwa sababu hizi hukwangua tumbo na kulitoa damu. Huenda akaomba altrasaundi ya mfuko wa uzazi kutafuta fibroidi, na kipimo cha choo kutafuta minyoo ya safura, hasa ukienda shamba bila viatu. Hedhi nzito ina dawa zake: vidonge vya asidi ya traneksamiki vinavyomezwa siku za hedhi tu, vidonge vya homoni, au koili ya homoni ambayo, tofauti na ile ya shaba, hupunguza damu sana. Ni kipi kinakufaa wewe, hilo ni la chumba cha daktari, kwa sababu shinikizo la damu, kipandauso na mpango wako wa kuzaa vinaingia humo.

Kuhusu chakula, tuseme ukweli ambao wauza juisi hawausemi. Mwanamke wa mfano wetu amepungukiwa na chuma kiasi gani? Damu ya mwili wake ni lita 4 na kidogo. Kuirudisha kutoka 8.9 hadi 13 kunahitaji karibu miligramu 570 za chuma, na kujaza akiba tena kunahitaji nyingine 400 au zaidi. Jumla ni kama miligramu 1,000. Akijitahidi kwa chakula hadi mwili upate miligramu 1 ya ziada kila siku, atahitaji siku 1,000, karibu miaka mitatu, na hapo tumedhani uvujaji umeshazibwa. Kwa hiyo hakuna chakula kinachoongeza damu haraka kwa mtu aliyefika huko. Chakula hulinda akiba isiishe tena. Bitiruti ni nyekundu, basi. Chuma chake hakifiki hata miligramu 1 kwa gramu 100. Mama mkwe hakukutakia mabaya, lakini hizo shilingi zinafaa kwenda kwa maini.

Maini ya ng'ombe yaliyopikwa yana karibu miligramu 6 kwa gramu 100, na ni chuma cha aina ya nyama, ambacho utumbo hukichukua kwa urahisi kuliko cha mimea. Mara moja au mbili kwa wiki yatosha. Mjamzito asiyale, kwa kuwa vitamini A iliyomo ni nyingi mno kwa mtoto tumboni. Nyama nyekundu, matumbo, bandama na omena viko kwenye kundi hilo hilo la chuma cha wanyama, na omena humfaa mwenye mfuko mwembamba. Hata nyama kidogo ndani ya sufuria ya maharagwe husaidia mwili kuchukua chuma cha maharagwe yenyewe.

Maharagwe, ndengu, kunde, terere na managu vina chuma pia, maharagwe yaliyochemshwa yana kama miligramu 2 hadi 3 kwa gramu 100, lakini mwili huchukua sehemu ndogo tu. Unachokula navyo ndicho huamua kiasi hicho. Na hapa tunafika kwenye adui mkubwa wa chuma jijini Nairobi, ambaye ni kikombe cha chai. Chapati ndengu na chai ya maziwa kibandani ni mlo mtamu, ila chai ikinywewa pamoja na chakula inaweza kukata zaidi ya nusu ya chuma cha ndengu. Kahawa hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo zaidi. Hatusemi uache chai, nani ataiweza. Kula ndengu na kachumbari iliyokamuliwa ndimu, shushia na maji, halafu chai uinywe baada ya saa moja au mbili. Vitamini C ya ndimu, chungwa, pera, pilipili hoho au nyanya mbichi hufanya kinyume cha chai: inakifungua chuma cha mimea kiingie.

Kuna vijambo vichache vya jikoni. Loweka maharagwe na mahindi ya githeri usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa mapya. Kuloweka hupunguza kemikali ya nafaka inayoshikilia chuma, na uji uliochachushwa una faida hiyo hiyo kuliko uji wa haraka. Managu na terere yakipikwa kwa magadi hulainika kweli, lakini magadi huua vitamini C, kwa hiyo yapike bila magadi na uongeze nyanya mwishoni. Unga wa ugali wa pakiti hapa Kenya kisheria huongezwa chuma tangu mwaka 2012. Unga wa posho mill hauna nyongeza hiyo, hata ukiwa mtamu zaidi. Sukuma wiki ni nzuri kwa mengine, ila kwa chuma si tegemeo.

Vipimo vikithibitisha ukosefu wa chuma, dawa ya kawaida ni feras salfeti ya miligramu 200, ambayo ndani yake chuma chenyewe ni miligramu 65. Sirapu nyingi zinazouzwa kama za kuongeza damu zina chuma kidogo kuliko rangi ya chupa inavyoahidi, kwa hiyo soma kiasi cha chuma chenyewe kwenye lebo, usisome jina. Siku hizi kidonge kimoja kwa siku ndicho kinachopendekezwa, asubuhi kabla ya kula, kwa maji au juisi ya chungwa. Kumeza vitatu kwa siku hakuharakishi sana: dozi kubwa huufanya mwili ufunge mlango wa chuma kwa siku nzima, kilichobaki hushuka na kuumiza utumbo. Tumbo likisumbua, meza pamoja na chakula kidogo au siku moja ukiruka moja. Iwe mbali na chai, maziwa na dawa za asidi ya tumbo kwa saa mbili hivi. Kama unameza omeprazoli, mwambie daktari, kwa sababu hupunguza chuma kinachoingia.

Choo kitakuwa cheusi au kijani kibichi cha giza. Hiyo ni dawa. Lakini cheusi cha chuma ni kikavu na hakinuki tofauti. Cheusi cha damu hunata, hung'aa na harufu yake ni kali isiyosahaulika, na hapo ni hospitalini. Na vidonge viweke juu kabatini, kwenye chombo chenye kifuniko kigumu. Mtoto mdogo akimeza vichache akidhani ni peremende anaweza kufa, na hufika hospitalini mara nyingi baada ya saa nyingi kwa kuwa mwanzoni hutapika tu.

Hemoglobini irudiwe baada ya wiki 2 hadi 4. Ikiwa imepanda gramu 1 au zaidi, dawa inafanya kazi, na utaendelea nayo mpaka ifike kawaida, halafu miezi mitatu zaidi kujaza akiba. Wengi huacha hapo katikati, wakishajisikia vizuri, na mwaka haupiti kabla hawajarudi ghorofa ya pili wakihema. Ikiwa haijapanda, kwanza jiulize kwa uaminifu kama vidonge vilimezwa na kama vilimezwa na chai. Kama vilimezwa sawasawa, daktari atarudi nyuma: pengine damu inavuja haraka kuliko inavyoingia, pengine utumbo hauchukui chuma kwa sababu ya bakteria wa vidonda vya tumbo, au pengine tangu mwanzo si chuma. Chuma cha kudungwa mshipani kipo kwa watu wa namna hiyo, lakini hutolewa hospitalini chini ya uangalizi kwa sababu wachache hupata mzio mkali, kwa hiyo kliniki ya mtaani ikikuambia ikudunge siku ya kwanza bila feritini, toka.